Mashua Nne, Mstari Mmoja: Takwimu za Samaki Zinapogoma Kuingia

Katika bichi za Kenya zinazopakana na Ziwa Victoria, kuanzia Busia kupitia Siaya, Kisumu na Homa Bay mpaka Migori, samaki hupita mikononi mwa mtu mwenye mizani na fomu. Si kila mashua hupimwa. Utaratibu unaotumiwa na nchi tatu za ziwa, chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ni wa sampuli. (Mkataba wa kuanzisha shirika hilo ulitiwa saini Kisumu mnamo 30 Juni 1994, ingawa makao yake yako Jinja, Uganda.) Huchaguliwa bichi kadhaa, na katika kila bichi mashua kadhaa za kila aina na kila zana ya uvuvi. Kilo za kila aina ya samaki huandikwa mashua kwa mashua. Wastani unaopatikana huzidishwa kwa idadi ya mashua, ambayo hutoka katika sensa ya uvuvi iliyoanza mwaka 2000 na kukusudiwa kurudiwa kila baada ya miaka miwili. Jumla ya samaki wanaosemekana kutoka ziwani hupatikana kwa njia hiyo.

Baina ya fomu na jumla hiyo ipo hatua isiyozungumzwa sana, nayo ni kuingiza mistari katika hifadhidata kwa mkupuo. Karani wa kaunti hukusanya fomu za mwezi, huzichapa katika jedwali la Excel, huhifadhi faili la CSV na kulituma. Anayelipokea hulipakia lote kwa amri moja. Hapo ndipo hifadhidata hukataa, ikidai kwamba mstari unaoletwa tayari upo. Mara nyingi mtu hutafuta namna ya kuinyamazisha kabla ya kuuliza kwa nini imesema hivyo, na namna ya kunyamazisha anayoichagua inaweza kupotosha takwimu kuliko faili ambalo halikuingia kabisa.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila wenye umbo la fomu hizo. Jedwali linaitwa `mavuno`, nalo lina safu za bichi, tarehe, aina ya mashua, zana, samaki na kilo. Hakuna safu hata moja inayoweza kuutambulisha mstari ikiwa peke yake. Bichi ya Dunga itatokea mara mia, na samaki mbuta mara elfu. Basi aliyeliunda aliunganisha safu tano za kwanza na kuzifanya ufunguo wa pekee:

```sql
ALTER TABLE mavuno ADD CONSTRAINT mavuno_uq
  UNIQUE (bichi, tarehe, aina, zana, samaki);
```

Maana yake ni kwamba Dunga inaweza kurudi, na tarehe 12 Machi inaweza kurudi, lakini zote tano haziwezi kurudi pamoja. Ukiisoma harakaharaka utaona ni sawa kabisa. Faili la Machi linapopakiwa katika PostgreSQL, jibu linakuwa hili:

```
ERROR:  duplicate key value violates unique constraint "mavuno_uq"
DETAIL:  Key (bichi, tarehe, aina, zana, samaki)=(Dunga, 2024-03-12, SESSE, GN, mbuta) already exists.
CONTEXT:  COPY mavuno, line 418
```

Ujumbe huu una mambo mawili yanayopotosha wengi. Kwanza, unataja mstari mmoja tu, ule wa kwanza uliogongana, kisha kazi yote inafutwa. Mistari 417 iliyotangulia haibaki. Anayeufuta mstari wa 418 na kujaribu tena atakwama mbele kidogo, kisha tena, na kufikia jioni atakuwa amefuta mistari asiyoijua hesabu yake. Pili, maneno ya kwamba ufunguo tayari upo hayaelezi upo wapi. Unaweza kuwa umeingia mwezi uliopita, au umeingia dakika hiihii kutoka juu ya faili lilelile. Hizo ni hali mbili tofauti na kila moja ina dawa yake.

MySQL husema jambo hilohilo kwa kosa namba 1062, ila huunganisha thamani za ufunguo kwa vistari, na tarehe nayo ina vistari vyake, kwa hiyo msomaji lazima atenganishe mwenyewe ni wapi safu moja inaishia. Tena mpangilio wake wa kawaida wa herufi hautofautishi `Dunga` na `DUNGA`, wakati PostgreSQL huyaona kuwa majina mawili. Ndiyo sababu faili moja linaweza kupita kwenye seva moja na kukwama kwenye nyingine, bila mtu kuligusa.

Turudi kwenye mstari wa 418. Asubuhi ile ya mfano wetu, mpimaji wa Dunga alipima mashua nne za sesse zilizovua mbuta kwa nyavu za makila, zana ambayo fomu huiandika GN. Ya kwanza ilileta kilo 12, ya pili 9, ya tatu 31, ya nne 8. Ni mashua nne za wavuvi wanne, zote halali. Lakini bichi ni ileile, siku ileile, aina ileile, zana ileile na samaki yuleyule. Ufunguo wa safu tano hauna pa kuziweka, maana aliyeuunda alidhani kila mstari ni jumla ya siku, ilhali mpimaji alikuwa akiandika mashua mojamoja. Kosa haliko kwenye faili. Liko kwenye ufunguo, ambao ni mwembamba kuliko kitu kinachohesabiwa.

Sasa tazama kinachotokea kwa kila dawa ya haraka. Wastani wa kweli wa mashua hizo ni kilo 60 kugawanya kwa 4, yaani 15. Tuseme siku hiyo mashua 20 za namna hiyo zilitoka kuvua. Makadirio sahihi ni kilo 300.

Dawa ya kwanza ni kuiambia hifadhidata iruke kila kinachogongana. Katika PostgreSQL ni `ON CONFLICT DO NOTHING`, katika MySQL ni `LOAD DATA ... IGNORE`. Faili linapita. Inabaki mashua ya kwanza tu, yenye kilo 12, na makadirio yanakuwa 240. Dawa ya pili ni kuamuru mpya ichukue nafasi ya ya zamani, kwa `REPLACE` au `ON DUPLICATE KEY UPDATE`. Inabaki ya mwisho, kilo 8, na makadirio yanashuka hadi 160. Dawa ya tatu huonekana ya busara kuliko zote, kwa kuwa haipotezi hata kilo moja: kila mgongano unapotokea, kilo mpya zijumlishwe na za zamani. Mstari mmoja unakuwa na kilo 60, na jumla ya Dunga ni sahihi. Lakini hatua inayofuata huhesabu mistari ili kupata wastani, nayo inaona mashua moja iliyoleta kilo 60. Ikizidishwa kwa 20 tunapata kilo 1,200, mara nne ya ukweli. Zaidi ya hayo, faili hilo likitumwa tena kwa bahati mbaya, kilo zote zitajumlishwa upya bila onyo lolote.

Dawa zote tatu zinaingiza faili, na zote zinatoa nambari zisizoshtua mtu. Kilo 240 kwa siku Dunga hazina ajabu, na 160 pia hazina. Ndiyo maana nasema kosa lile jekundu la hifadhidata lilikuwa msaada, na kulizima kabla ya kulielewa ni kuharibu kazi ya mtu aliyesimama kwenye mizani tangu alfajiri.

Hata hivyo, si kila mgongano ni wa mashua nne. Upo mgongano wa kweli, yaani faili lililotumwa mara mbili. Karani wa Siaya anatuma Machi, mtandao unakatika, hajui kama limefika, anatuma tena. Au anasahihisha mistari miwili na kutuma faili zima upya badala ya hiyo miwili. Hapo hifadhidata ina haki kabisa, na mistari ile haipaswi kuingia mara ya pili. Kazi ni kutenganisha hali hizi mbili, na haiwezekani kuzitenganisha ndani ya jedwali lenye ufunguo, kwa sababu ufunguo unafukuza ushahidi mlangoni.

Kwa hiyo faili liingizwe kwanza katika jedwali la mapokezi lisilo na ufunguo wowote. Liwe na safu zilezile pamoja na mbili za nyongeza: jina la faili na namba ya mstari ndani ya faili. Hizo mbili ndizo zitakazosema nani alileta nini. Kisha uliza:

```sql
SELECT bichi, tarehe, aina, zana, samaki,
       count(*)             AS mistari,
       count(DISTINCT faili) AS mafaili,
       count(DISTINCT kilo)  AS kilo_tofauti
FROM mapokezi
GROUP BY 1, 2, 3, 4, 5
HAVING count(*) > 1;
```

Jibu husomwa hivi. Kama marudio yamekaa ndani ya faili moja na kilo zinatofautiana, karibu kila mara ni mashua tofauti, na ufunguo ndio wa kurekebishwa. Kama marudio yanatoka mafaili mawili, kilo ni zilezile, na karibu kila mstari wa faili moja una mwenzake katika faili jingine, basi limetumwa mara mbili. Kama yanatoka mafaili mawili ila mistari michache tu ina kilo tofauti, hayo ni masahihisho, na mtu aulizwe ni lipi la mwisho.

Kilo kulingana si ushahidi tosha. Mizani ya bichi mara nyingi husomwa kwa kilo nzima, na mashua mbili kuleta kilo 5 za ngege siku moja si jambo la ajabu. Anayefuta mistari yote inayofanana kwa `SELECT DISTINCT` atafuta mashua halisi, hasa zile zenye mavuno madogo, kwa kuwa nambari ndogo ndizo hugongana zaidi. Wastani utapanda, na ziwa litaonekana lina samaki wengi kuliko ilivyo kweli.

Kundi la tatu la migongano ndilo linalosumbua akili, kwa kuwa mistari ni tofauti kwenye fomu na hufanana njiani. Kila safu ya ufunguo ni mahali pa thamani mbili kugeuka moja, na ufunguo wa safu tano una mahali patano.

Tarehe ndiyo mbaya kuliko zote. Fomu ya Kenya huandika siku kwanza, hivyo 03/04/2024 ni tarehe 3 Aprili. Kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani huisoma kuwa 4 Machi. Tarehe kama 25/04 haiwezi kugeuzwa, kwa hiyo hukataliwa au hubaki maandishi na kuonekana. Zile za siku 1 hadi 12 hugeuka kimyakimya na kwenda kugongana na siku nyingine iliyo halali. Kwa omena upo mtego mzuri wa kuligundua: kanuni za Kenya zimekuwa zikifunga uvuvi wake kuanzia Aprili hadi Julai. Ukikuta mistari mingi ya omena ya tarehe 3 Mei, huenda ilikuwa 5 Machi kabla ya kugeuzwa.

Simu huleta tatizo la namna yake. Programu nyingi za kukusanya takwimu huhifadhi muda kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mashua ya omena iliyotia nanga saa nane na nusu usiku inahifadhiwa kama saa tano na nusu usiku wa siku iliyotangulia. Mtu akichukua tarehe peke yake bila kugeuza saa kwanza, mashua hiyo inahamia jana. Dalili yake ni kwamba migongano huwapata wavuvi wa usiku tu na kuwaacha wa mchana. Dawa ni kutaja eneo la saa kabla ya kukata tarehe:

```sql
(muda AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi')::date
```

Amri hiyo inafaa safu ya aina ya `timestamptz`. Safu isiyo na eneo la saa hutafsiriwa kinyume, kwa hiyo aina ya safu iangaliwe kwanza.

Wengine hufikiria kuongeza saa ya kutia nanga kwenye ufunguo ili mashua nne za Dunga zitengane. Nisingeshauri. Mbali na kwamba mashua mbili zinaweza kufika pamoja, mpimaji anaweza kuandika saa ya Kiswahili na mwenzake saa ya simu. Saa moja asubuhi na saa moja jioni zote huandikwa 1:00, na saa kumi na mbili alfajiri huwa 12:00. Safu isiyoandikwa kwa desturi moja haifai kuwa sehemu ya ufunguo.

Majina ya bichi nayo huleta shida, lakini kinyumenyume. Luanda K'Otieno, ile ya kivuko cha kwenda Mbita, huandikwa kwa alama ya ritifaa, bila alama, kwa nafasi au bila nafasi. Kwa hifadhidata hizo ni bichi nne. Faili likitumwa mara mbili baada ya karani kusahihisha tahajia, hakuna mgongano wowote, na samaki wote wa Luanda huhesabiwa mara mbili. Kwa sababu hiyo jina lisiwe kwenye ufunguo. Iwepo orodha ya bichi yenye namba, na kila tahajia ielekezwe kwenye namba yake kabla ya kuvuka kutoka mapokezi.

Ni ufunguo gani basi unaofaa? Jibu linatokana na swali moja ambalo mpimaji anaweza kulijibu kuliko mtu wa kompyuta: mstari mmoja wa fomu ni nini? Hapa ni aina moja ya samaki, katika mashua moja, katika safari moja. Ufunguo uwe na namba ya bichi, tarehe, namba ya usajili wa mashua, namba ya safari ya siku hiyo, na samaki. Aina ya mashua na zana zitoke kwenye ufunguo, kwa kuwa hizo ni sifa za mashua na safari, hazizitambulishi.

Kuna mashua zisizo na usajili, au zenye namba iliyofutika, na hapo ufunguo wa safu nyingi una tabia ambayo haitangazwi. Safu moja ikiwa tupu, yaani `NULL`, PostgreSQL na MySQL huhesabu kwamba kitu kisichojulikana hakilingani na kisichojulikana kingine. Mstari huo hautagongana na chochote, hata ukiingia mara kumi. SQL Server huchukulia kinyume na kukataa wa pili. PostgreSQL kuanzia toleo la 15, la mwaka 2022, inaruhusu kuchagua kwa kuandika `UNIQUE NULLS NOT DISTINCT`. Lakini hilo, kama vile kujaza pengo kwa sifuri, hurudisha tatizo la Dunga: mashua zote zisizo na namba zinakuwa mashua moja. Kinachofaa ni mpimaji kuzipa namba za muda hapohapo kwenye fomu, X1, X2, X3 kwa siku hiyo. Kumbuka pia kwamba `GROUP BY` hukusanya nafasi tupu kuwa kundi moja, hivyo swali la juu litaonyesha marudio ambayo ufunguo wenyewe usingeyazuia.

Ufunguo ukishalingana na mstari wa fomu, na hapo tu, `ON CONFLICT DO NOTHING` inakuwa salama kwa faili lililotumwa mara mbili. Masahihisho yaende kwa `ON CONFLICT DO UPDATE`, kwa uamuzi wa mtu. Amri hii nayo hugoma ikiwa ufunguo mmoja umetokea mara mbili ndani ya mkupuo mmoja, ikisema haiwezi kuugusa mstari mara ya pili, na iachwe igome, maana inaonyesha faili lenyewe linajipinga. Asitegemee mtu `ON_ERROR ignore` iliyokuja na toleo la 17 la mwaka 2024, kwa kuwa hiyo huruka thamani zisizosomeka tu, migongano ya ufunguo haiigusi. Baada ya kupakia, linganisha idadi ya mistari na jumla ya kilo za kila bichi, mapokezi kwa mavuno. Zikitofautiana, tofauti hiyo ielezwe mstari kwa mstari kabla ya takwimu kutoka ofisini.

Hii haimaanishi kwamba kubadilisha ya zamani kwa mpya ni kosa siku zote. Hospitali na zahanati za mwambao huu huu hupeleka ripoti zao za mwezi kwenye mfumo wa DHIS2, ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011. Jedwali lake la thamani lina ufunguo wa safu tano pia: kipengele cha takwimu, kipindi, kituo, na michanganuo miwili. Pale kipengele kimoja cha kituo kimoja kwa mwezi mmoja kina thamani moja tu kwa maumbile yake, hivyo ripoti mpya kuifuta ya zamani ni sawa. Ila anayehamisha utaratibu huo kutoka takwimu za zahanati kwenda za samaki, kwa kuwa zote zina funguo za safu tano, atafuta mashua akidhani anasahihisha ripoti.

Mistari iliyorukwa au kufutwa kwa njia hizi haiwezi kurudishwa kutoka kwenye hifadhidata, kwa sababu haikuwahi kubaki humo. Ipo kwenye fomu za karatasi na mafaili ya CSV ya awali. Enyi makarani wa kaunti na vikundi vya usimamizi wa bichi mlio nazo kabatini, msizitupe hadi mtu ahesabu fomu za angalau mwezi mmoja, mashua kwa mashua, na kuzilinganisha na mistari iliyoingia.